Picha ya duara isigeuke yai

Ukitaka kuweka sura ya mtu ndani ya duara kwenye slaidi ya PowerPoint, bofya picha, fungua kichupo cha Picture Format, kisha bonyeza mshale mdogo ulio chini ya Crop. Chagua Crop to Shape, halafu Oval. Hapo wengi hushangaa: wanapata yai badala ya duara.

Programu haijakosea. Umbo hujitandaza kwenye fremu yote ya picha, na picha nyingi za simu si mraba. Tuseme picha ya mwenyekiti wa kikundi ina upana wa sentimita 9 na kimo cha sentimita 12. Rudi kwenye mshale uleule, chagua Aspect Ratio, kisha 1:1. Fremu itakuwa sentimita 9 kwa 9, na yai litakuwa duara kamili.

Lakini fremu hiyo hukaa katikati ya picha, na uso kwa kawaida uko juu zaidi, kwa hiyo paji linaweza kukatwa. Kabla ya kubofya pembeni, ishike picha yenyewe, si vishikio vyeusi, uivute chini mpaka uso uingie.

Jambo moja nalisisitiza: kilichokatwa kimefichwa tu, hakijafutwa. Atakayepokea faili anaweza kukirudisha. Kama nyuma kulikuwa na mtoto au hati ya siri, fungua Compress Pictures, weka alama kwenye Delete cropped areas of pictures, uhifadhi faili ndipo uitume.