Kila Jibu Potofu Lina Asili Yake

Muuzaji aliuza baiskeli kwa shilingi 9,200 akapata faida ya asilimia 15. Aliinunua kwa shilingi ngapi? Majibu ni manne: A ni 7,820, B ni 8,000, C ni 9,185, na D ni 10,580.

Maswali ya sura hii yaliwahangaisha watahiniwa wa KCPE nchini Kenya tangu mtihani huo ulipoanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Karatasi ya hisabati ilikuwa na maswali 50 ya kufanywa kwa saa mbili, yaani dakika mbili na sekunde ishirini na nne kwa kila swali. Mtahiniwa angeweza kupiga hesabu zake pembeni, lakini hakuna aliyezisoma. Kilichosahihishwa ni mstari wa penseli alioupiga juu ya herufi moja kwenye karatasi ya majibu. KCPE imekwisha, ila mtindo wa kuchagua jibu umebaki: KPSEA, mtihani wa gredi ya sita ulioanza mwaka 2022, unautumia vilevile.

Kwa kuwa njia haipewi alama, wanafunzi wengi hufanya mambo mawili tu. Wanaojua hukokotoa kila kitu kuanzia mwanzo, kisha hutafuta jibu lao katika yale manne. Wasiojua hubahatisha. Wote wawili husahau kwamba majibu yenyewe ni sehemu ya swali, na kwamba mtunzi hakuyaokota njiani.

Turudi kwenye baiskeli. Muuzaji amepata faida, kwa hiyo bei aliyonunulia lazima iwe chini ya 9,200. D inaanguka papo hapo. C je? Ukitoa 9,185 katika 9,200 unabaki na shilingi 15, na shilingi 15 kwa kitu cha elfu tisa si asilimia 15 hata kwa macho ya mbali. C nayo inaanguka. Zimebaki A na B, zilizoachana kwa shilingi 180 tu, na hapo jicho halitoshi. Basi geuza hesabu: badala ya kutafuta bei ya kununulia, chukua jibu ulijaribu. Asilimia 10 ya 8,000 ni 800, nusu yake ni 400, jumla ni 1,200. Ukijumlisha 8,000 na 1,200 unapata 9,200 kamili. Jibu ni B.

Sasa tazama yale matatu tuliyoyatupa. D ni jibu la mwanafunzi aliyechukua asilimia 15 ya 9,200, yaani 1,380, akaijumlisha badala ya kuitoa. C ni la aliyeona nambari 15 akaitoa kama shilingi, asijali neno "asilimia". A ndiyo yenye sumu: ni la aliyejua kwamba bei ishuke, akatoa 1,380 katika 9,200, akasahau kwamba faida huhesabiwa kwenye bei ya kununulia, si ya kuuzia. Mwanafunzi huyo amepiga hesabu vizuri, akalikuta jibu lake limemngojea kwenye karatasi, akasonga mbele na furaha yake.

Majibu ya namna hii huitwa vipotoshi. Mtunzi hukaa akajiuliza mwanafunzi anaweza kukosea wapi, kisha huweka tokeo la kila kosa kama jibu. Ndiyo maana kulikuta jibu lako kati ya yale manne si ushahidi kwamba umepata. Kipotoshi kilichotungwa vizuri kimekusudiwa kukutwa.

Aina nyingine ya kipotoshi ni jibu la katikati ya safari. Darasa lina wanafunzi 45, na mbili ya tano ni wavulana. Wasichana wamewazidi wavulana kwa wangapi? Wavulana ni 18, wasichana ni 27, na jibu ni 9. Bila shaka 18 na 27 zitakuwepo kwenye orodha. Mtahiniwa mwenye haraka akifika 18 na kuiona imeandikwa, hutua mzigo hapo hapo. Dawa yake ni kurudia kusoma sentensi ya mwisho ya swali kabla ya kupiga mstari, kwa sababu ndiyo inayosema kinachotakiwa.

Kukadiria nako kuna mahali pake. Ukipewa 0.48 mara 20.5, na majibu yakiwa 0.984, 9.84, 98.4 na 984, huna haja ya kuzidisha. Tarakimu ni zilezile kote, kilichohama ni nukta tu. 0.48 ni karibu nusu, na nusu ya 20 ni 10. Jibu ni 9.84, na limepatikana kwa sekunde chache.

Lakini ukipewa 397 mara 21, na majibu yakiwa 8,237, 8,327, 8,337 na 8,437, kusema "ni kama 400 mara 20, yaani 8,000" hakukusaidii, maana kadirio lako limekosea kwa kiasi kikubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya jibu na jibu. Hapa kadiria, kisha rekebisha: 400 mara 21 ni 8,400, lakini umezidisha 21 mara tatu zaidi ya ulivyotakiwa, kwa hiyo toa 63. Unapata 8,337. Kanuni ni hiyo: kabla ya kuchagua njia, pima majibu yameachana kiasi gani. Yakiwa mbalimbali, kadiria. Yakiwa yamebanana, kokotoa au yajaribu moja moja.

Wakati mwingine kukadiria kunafichua kosa ambalo hesabu ingelificha. Gari lilikwenda kilomita 120 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa 40 kwa saa. Wastani wa mwendo wa safari nzima ni upi: 20, 48, 50 au 100? Wastani hauwezi kutoka nje ya 40 na 60, basi 20 na 100 ziondoke. Wengi hujumlisha 60 na 40, wakagawa kwa mbili, wakachukua 50. Lakini gari lilikaa barabarani muda mrefu zaidi lilipokwenda polepole, kwa hiyo wastani lazima uvutwe kuelekea 40. Inabaki 48. Ukitaka uhakika, kilomita zote ni 240, na saa ni mbili za kwenda na tatu za kurudi: 240 gawa kwa 5 ni 48.

Yapo maswali ambayo hata baada ya haya yote hubaki majibu mawili usiyoweza kuyatenganisha. Pale ambapo kosa halikati alama, chagua moja. Kubahatisha kati ya manne kunakupa nafasi moja katika nne, lakini kati ya mawili ni moja katika mbili, na nafasi hiyo umeipata kwa kuyaondoa mengine kwa sababu, si kwa kuamini uvumi kwamba herufi fulani hutoka sana.

Mzazi anayeketi na mwanawe mezani jioni kusahihisha karatasi ya mazoezi anaweza kubadilisha swali moja tu. Mtoto akishasema jibu ni B, amuulize: na A imetoka wapi? Akiweza kusimulia kosa linalozaa 7,820, siku ya mtihani atalikuta limeandikwa mbele yake na atalitambua kabla halijamtambua yeye.