Faili Linapopakiwa Kwenye Roboti ya Mazungumzo

Jina la faili halithibitishi kilichomo. Programu hasidi inaweza kupachikwa jina mkataba.pdf, na kwa macho ikafanana na mkataba wowote. Ndiyo maana seva husoma baiti za mwanzo: PDF huanza kwa %PDF-, na lisilo hivyo hukataliwa. Ukubwa hupimwa faili likiwa bado linaingia. Likivuka kikomo, tuseme megabaiti 10, upokeaji hukatwa papo hapo.

PDF ya kurasa zilizoskaniwa ina mtego wake. Msomaji huona maandishi, kompyuta huona picha tu. Dalili yake ni rahisi: mkataba una kurasa 12, lakini herufi zilizotolewa ni 0. Hapo kila ukurasa hugeuzwa picha ya nukta 300 kwa inchi, hunyooshwa kama umepinda, kisha programu ya kutambua herufi, kama Tesseract, huusoma ikiwa imeelekezwa kwamba lugha ni swa. Hata hivyo, 0 huweza kusomwa kama O, na kodi ya 150,000 ikaharibika. Tarakimu zilinganishwe na ukurasa wenyewe.

Udogo wa faili nao si usalama. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho una pikseli zipatazo milioni 8.7, lakini faili dogo la hila linaweza kutangaza ukurasa mpana kupita kiasi na kumaliza kumbukumbu ya seva. Kwa hiyo vipimo vya ukurasa hukaguliwa kabla ya kuuchora, na kazi yote hufanyika katika eneo lililotengwa, lisilo na intaneti.