Droni Imeanguka: Mota, Umeme au Mtikisiko?

Propela zilizovunjika hazisemi mengi, kwa kuwa nyingi huvunjikia ardhini. Sababu ya ajali hutafutwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Droni inayoendeshwa na ArduPilot huandika humo safari yake yote, katika faili la `.bin` linalofunguliwa kwa programu ya Mission Planner.

Tuseme droni ya mota nne ikiwa mita 40 juu imeinama ghafla mbele kulia, ikapinduka na kuanguka.

Kwanza tazama faili limeishia wapi. Kama rekodi imekatika droni ikiwa bado juu, huenda kompyuta yake ilizimika kwa kukosa umeme. Mstari wa `POWR.Vcc`, ambao kwa kawaida hukaa karibu na volti 5, huenda ukaonyesha umeme ukishuka. Lakini wakati mwingine umeme hukatika haraka mno hata kushuka huko hakuandikwi, kwa hiyo kagua pia plagi ya betri. Kwa droni yetu, rekodi imefika hadi ardhini na volti hazikuyumba. Umeme hauhusiki.

Sasa weka pamoja `ATT.DesRoll`, yaani mlalo ulioagizwa, na `ATT.Roll`, mlalo halisi. Mistari hiyo ilikuwa ikifuatana, kisha ikaachana ghafla. Wakati huohuo `RCOU.C1` imepanda hadi kikomo na `RCOU.C2` imeshuka sana. Kompyuta iliona kona ya mbele kulia inazama, ikaiamuru mota ya 1 ivute kwa nguvu zote na kuipunguza ya 2 iliyo mkabala nayo. Kona haikuinuka.

Kama kidhibiti cha mota hutuma taarifa za mizunguko, soma `ESC.RPM`. Mizunguko ikipanda kupita kiasi, propela imechomoka. Ikiporomoka huku amri iko juu, huenda kidhibiti kimepotezana na mota. Vidhibiti vingi hukisia mahali rota ilipo kwa kupima volti zinazozalishwa na mota yenyewe. Amri ikiruka ghafla, makisio hupotea, umeme unasukumwa wakati usiofaa na mota inakwama. Waya uliokatika huacha alama zinazofanana na hizo, kwa hiyo kagua nyaya na beringi kabla ya kuamua.

Mwisho ni `VIBE`. Chini ya 15 ni salama. Juu ya 30 kuna hatari. Hapa imeruka, lakini baada ya mistari ya mlalo kuachana. Kwa hiyo ni matokeo ya ajali. Mtikisiko ulio chanzo huonekana mapema, na hesabu ya `Clip` huongezeka droni ikiwa angani. Mara nyingi mlalo bado hutii amri, ila sensa zilizodanganywa huifanya droni ipae yenyewe bila kuagizwa.

Basi weka alama kwenye grafu pale mlalo ulipoacha kutii. Chanzo kitafute kabla ya alama hiyo au papo hapo; mengi yanayofuata ni madhara yake.