Mikoba Mitatu ya Kujifungulia

Mkoba wa kujifungulia hufunguliwa na mtu ambaye hakuupanga. Mjamzito huupanga kwa wiki kadhaa, akijua kila kitu kilipo. Siku yenyewe ikifika, yeye yuko kitandani na uchungu, na anayeingiza mkono mkobani ni dada yake, mama mkwe au mkunga wa zamu. Hapo ndipo mikoba mingi inaposhindwa kazi. Kanga ya mtoto imo, lakini iko chini ya beseni. Kadi ya kliniki imo, lakini imejikunja ndani ya dera. Ndiyo maana wakunga wengi hupenda kuona vitu vimegawanywa mafungu matatu, la mama, la mtoto na la msindikizaji, kila fungu likiwa na mfuko wake.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha namna ya kuyapanga. Mama mwenye mimba ya kwanza anaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na anatarajia kujifungulia hospitali ya wilaya akisindikizwa na dada yake. Mimba ikiwa na wiki 32, anapokwenda kliniki anauliza mambo mawili: kituo kinataka mama aje na nini, na wodi inamruhusu nani kuingia naye. Maswali hayo hayajibiwi na orodha ya jirani. Sera ya Tanzania inasema huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bila malipo, lakini vituo vingi bado humtaka mama aje na baadhi ya vifaa, na orodha ya kituo kimoja si ya kingine. Kuna vituo ambako mume hawezi kuingia kwa sababu vitanda havina mapazia, hivyo ndugu wa kike ndiye anayepokelewa. Akishapata majibu, mama huyu ana muda wa kununua kidogokidogo, na kufikia wiki ya 35 mikoba imefungwa. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki ya 37 ni njiti, na njiti hawabishi hodi. Mwenye mimba ya mapacha afunge mapema zaidi.

Mfuko wa mama ndio wa kwanza kufunguliwa. Juu kabisa hukaa kadi ya kliniki, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, pamoja na kadi ya bima kama ipo na kitambulisho. Kadi ya kliniki ndiyo inayomwambia mkunga ambaye hajawahi kumwona mama huyu kundi lake la damu, wingi wa damu yake, majibu ya vipimo vya virusi vya ukimwi na kaswende, na kama aliwahi kufanyiwa upasuaji. Bila kadi hiyo, vipimo huanza upya wakati uchungu umeshapamba moto.

Chini ya kadi huja vifaa vya leba. Kwa kawaida ni glovu za kuzalishia, vibana kitovu viwili, pamba na mpira wa kulalia. Glovu na vibana kitovu hubaki ndani ya pakiti zake mpaka mkunga azifungue mwenyewe, maana pakiti iliyochanwa nyumbani ili kuona kilichomo si safi tena kwa kazi hiyo. Tarehe ya mwisho wa matumizi hutazamwa dukani, kabla ya kulipa. Kitu kimoja hakifai kukaa mkobani hata kama duka la dawa linakiuza: sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua. Dawa hiyo hutunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa wiki tatu kabatini Chanika, nguvu yake hupungua huku kichupa kikionekana kile kile. Kituo kikimtaka mama ainunue, inunuliwe siku hiyo hiyo, na muuzaji aitoe kwenye jokofu.

Baada ya kujifungua, mama anahitaji pedi kubwa za uzazi, pakiti mbili, na nguo za ndani pana zisizopungua nne. Pedi ina faida ambayo kitambaa hakina: inampa muuguzi kipimo. Pedi kubwa ikilowa yote ndani ya saa moja au chini ya hapo, hiyo si damu ya kawaida ya uzazi, na muuguzi aitwe hapo hapo, iwe mchana au usiku wa manane. Vingine ni vya kila siku: dera au gauni linalofunguka kifuani ili mtoto anyonye, kandambili zisizoteleza, sabuni, mswaki, taulo, beseni na ndoo ndogo. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida na hali ikiwa nzuri, hukaa kituoni angalau saa 24. Aliyefanyiwa upasuaji hukaa siku kadhaa. Mzigo wa siku mbili unatosha kuanzia, na kinachopungua huletwa na watu wa nyumbani.

Mfuko wa mtoto ndio mdogo kuliko yote, lakini ndio unaotakiwa kwa haraka kuliko yote. Kitu cha kwanza ndani yake si nguo bali ni kanga mbili kavu na safi. Mtoto huzaliwa akiwa amelowa, na maji yale yanapokauka mwilini huondoka na joto lake. Hata Dar es Salaam, mahali ambapo watu wazima wanatokwa jasho, kichanga aliyelowa huweza kupoa ndani ya dakika chache, hasa feni ikiwa inazunguka juu yake. Basi mkunga humfuta kwa kanga ya kwanza, kichwa, mgongo na miguu. Kufutwa huko ndiko pia kunakomchochea avute pumzi. Kanga hiyo iliyolowa hutupwa kando. Mtoto huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa kwa kanga ya pili iliyo kavu na kuvikwa kofia, na hapo ndipo anapoanza kutafuta ziwa katika saa ya kwanza. Kanga ikiwa moja tu, mtoto hufungwa ndani ya kile kile kilichomfuta, yaani ndani ya ubaridi. Kwa sababu hiyo wale wanaopanga mkoba vizuri huweka doti moja ya mtoto peke yake, kando na zile za mama.

Kanga hizo zifuliwe kabla. Kanga mpya hutoka dukani na wanga wa kiwandani, imekakamaa na haifyonzi maji vizuri, kwa hiyo humpaka mtoto maji badala ya kumkausha. Mama wa Chanika anazifua mara mbili, anazianika juani, anazipiga pasi kisha anazifunga pamoja na kofia ndani ya mfuko mmoja unaoonekana ndani, na juu yake anaandika kwa kalamu ya wino: MTOTO – KWANZA. Mkunga asiyemjua atauona mfuko huo bila kuuliza.

Nguo nyingine za mtoto hukaa chini: magauni au fulana tatu, soksi jozi mbili, blanketi moja jepesi, na nepi. Nepi za kitambaa kumi na mbili au pakiti ndogo ya pempasi za vichanga zinatosha. Siku za mwanzo choo cha mtoto ni cheusi na kinanata kama lami, na pamba na maji ya uvuguvugu hukiondoa vizuri kuliko vitambaa vya kupangusia vyenye manukato. Kuoga kunaweza kungoja: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aogeshwe baada ya saa 24, kwa sababu ile ile ya joto. Hivyo beseni la mtoto linaweza kubaki nyumbani. Vibaki pia poda, mafuta ya kupaka kitovuni, chupa ya kunyonyeshea, kopo la maziwa na maji ya sukari. Maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya manjano, ni machache kwa sababu tumbo la kichanga ni dogo. Wingi wake unamtosha, na chupa inapokuwa karibu ndiyo inayomfanya mama adhani hayatoshi.

Mfuko wa msindikizaji ndio unaosahauliwa, na madhara yake huonekana usiku. Dada aliyetoka nyumbani saa nane za usiku bila sweta wala chaja hukuta simu imezima alfajiri, wakati daktari anasema damu inahitajika. Kwa hiyo mfuko wake una kitambulisho chake, chaja, sweta, kanga ya kujifunika, mkeka na chakula chake mwenyewe. Fedha zinagawanywa: nyingine kwenye simu, nyingine noti ndogondogo za bajaji, maji na dawa, kwa kuwa mtandao wa simu nao hulala. Karatasi moja ina namba za watu watano zilizoandikwa kwa mkono. Wawili kati yao wameshakubali kuchangia damu wakiitwa, na wanajua masharti yake: umri usiopungua miaka 18, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema.

Chakula cha mama nacho hubebwa na msindikizaji. Chupa ya uji mwepesi au chai, maji na matunda vinamfaa mama ambaye uchungu wake unakwenda sawa, kwani leba ndefu bila kitu tumboni huchosha. Akiambiwa anaweza kuingia chumba cha upasuaji, asipewe kitu bila ruhusa ya muuguzi, maana chakula tumboni wakati wa dawa ya usingizi kinaweza kuingia mapafuni. Na kuna kitu ambacho msindikizaji asikubali kukibeba, aletewe na nani awe yule: dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Mkunga hajui kipimo chake wala hajui kwamba imenywewa. Hukuta tu uchungu umekuwa mkali kupita kiasi, na uchungu wa namna hiyo huweza kupasua mfuko wa uzazi na kumkosesha mtoto hewa.

Mikoba ikishafungwa, siku tatu baadaye dada anaifungua mbele ya mama na kukitafuta kila kitu kwa jina: kadi, pedi, kanga ya kwanza, kanga ya pili. Anachochelewa kukiona kinapandishwa juu. Kisha mikoba yote inawekwa mahali pamoja karibu na mlango, si juu ya kabati, na wote wa nyumbani wanaonyeshwa. Mama akipewa rufaa kwenda hospitali nyingine, mikoba yote mitatu ipande naye gari la wagonjwa, kadi ikiwa mkononi mwa dada.

Orodha hii ina mpaka wake. Mjamzito akitokwa na damu, akipata degedege, akiumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, chupa ikipasuka kabla ya wakati, au mtoto akiacha kucheza, asingoje mkoba ukamilike. Aondoke na kadi yake peke yake, na vitu vingine vimfuate.