Nusu Saa Kabla ya Simu ya Kwanza

Muuguzi wa Kentucky akimpokea mgonjwa kutoka Kongo asiyejua Kiingereza, huinua simu, hutaja lugha anayoitaka, na baada ya muda mfupi mkalimani huitika, hutaja nambari yake ya kazi na mazungumzo huanza. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na sheria, kuanzia Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, zimsaidie mgonjwa wa aina hiyo kuelewana na daktari wake. Mkalimani mwenyewe anaweza kuwa Texas, au anaweza kuwa chumbani kwake Mombasa, hedseti kichwani na mlango umefungwa ili kelele za watoto zisiingie.

Kazi hii haina dakika za kupasha moto. Mkalimani akishabonyeza kuwa yuko tayari, simu inaweza kuingia papo hapo, na anayepiga hajui kama upande wa pili ruta imewashwa sasa hivi. Ndiyo maana wenye uzoefu hukaa mezani nusu saa kabla ya zamu. Wanachokifanya katika nusu saa hiyo si kile ambacho wageni wa kazi hudhani.

Mgeni hufungua ukurasa wa kupima kasi ya intaneti, akaona megabiti 20 kwa sekunde, akaridhika. Kipimo hicho hakimwambii mengi. Simu ya sauti kwa mtindo wa kawaida hutumia takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, hata megabiti moja haifiki. Kinachoharibu mazungumzo ni mtandao usiotulia: vipande vya sauti vinavyopotea njiani au kufika kwa kuchelewa huku vingine vimeshapita. Filamu huweza kungoja kidogo ijaze akiba, lakini mtu anayezungumza hangojei. Daktari akitaja kwa Kiingereza miligramu 15, na silabi ya mwisho ikamezwa, anayesikiliza anaweza kudhani ni 50.

Basi kinachopimwa ni utulivu, na kwenye kompyuta ya Windows jambo hilo halihitaji programu ya kununua. Mkalimani hufungua dirisha la amri na kuandika mistari miwili, mmoja baada ya mwingine:

```
ping -n 50 192.168.1.1
ping -n 50 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza huigonga ruta ya nyumbani mara 50 (anwani yake hutofautiana, mara nyingi imeandikwa chini ya ruta yenyewe). Wa pili hutoka nje na kugonga seva ya Google. Kila jibu huja na muda wake katika milisekunde, na mwishoni huonekana ni mangapi yamepotea.

Tuseme matokeo ni haya. Ruta inajibu kwa milisekunde 3, kisha 4, kisha ghafla 180, kisha 5, kisha jibu moja linakosekana. Hapo hakuna haja ya kumpigia mtoa huduma, kwa sababu ujumbe haujatoka hata nje ya nyumba. Tatizo ni waifai: ukuta ulio katikati, ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni, au mawimbi ya majirani wa ghorofa nzima yanayogombana. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta kwa kawaida huyamaliza yote hayo. Lakini ruta ikijibu vizuri mara zote 50, kisha seva ya nje ikapoteza majibu mawili matatu, kosa liko mbele ya mlango, na nusu saa inatosha kuhamia kwenye njia ya akiba. Hata hivyo, jibu zuri kutoka 8.8.8.8 halithibitishi kwamba njia ya kwenda Marekani ni nzuri, maana seva inayojibu huwa ya karibu. Kutoka Mombasa hadi pwani ya mashariki ya Marekani, kwenda na kurudi mara nyingi huzidi milisekunde 200, na umbali huo hauna dawa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, watu wa Kenya, Tanzania na Uganda waliona mtandao ukizorota ingawa ruta zao zilikuwa nzima.

Hedseti ina vituko vyake. Mtu anaweza kusikia vizuri kabisa na bado sauti yake ikawa inaingia kwa maiki ya kompyuta, pamoja na feni na pikipiki za nje. Yeye hajui; wanaojua ni wanaomsikiliza. Njia ya kugundua ni kujirekodi kwa sekunde 10 na kukwaruza taratibu maiki ya hedseti kwa kidole. Kama mkwaruzo hausikiki kwenye rekodi, maiki inayofanya kazi ni nyingine. Hedseti ya waya wa USB ichomekwe kabla ya kufungua programu ya simu, kwa kuwa programu nyingi hushika kifaa zilichokikuta wakati wa kufunguliwa. Zile za blutuzi zina tabia ya kushusha ubora wa sauti pindi maiki inapowashwa, na tena zinahitaji chaji. Kwa kazi ya meza, waya ni bora, hata kama haupendezi machoni.

Kisha umeme. Wengi huangalia alama ya betri, wakaona asilimia 100, wakaacha hapo. Alama hiyo husema betri imejaa kiasi inachoweza kubeba leo, haisemi leo inabeba kiasi gani. Windows hutoa ripoti kamili kwa amri hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Katika ripoti hiyo kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kompyuta iliyoanza na 50,000 na sasa inafikia 20,000 imebaki na asilimia 40 ya uhai wake. Ikiwa ilikuwa ikikaa saa tano bila umeme, sasa itakaa kama saa mbili, na alama bado itasoma 100.

Na hata betri mpya haisaidii ruta. Umeme ukikatika, kompyuta hubaki ikiwaka na simu hufa, kwa sababu ruta imezimika, na ikirudi huchukua dakika kadhaa kuwaka na kuunganika upya. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, kwa hiyo pawabenki ya kawaida ya volti 5 haiziwashi bila kifaa cha kupandisha. Yupo anayenunua betri ndogo maalumu ya ruta, na yupo anayetegemea hotspoti ya simu. Anayetegemea hotspoti aiunganishe na kompyuta kabla ya zamu, ahakikishe bando lipo, na apige simu moja ya majaribio kupitia njia hiyo, si kuanza kutafuta nywila mgonjwa akiwa amekatika katikati ya sentensi.

Bado kuna saa ya ukutani. Jumapili ya pili ya Machi sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele, na Afrika Mashariki haisogezi chochote. Zamu ya saa mbili asubuhi ya New York, ambayo wakati wa baridi huanza saa kumi jioni Mombasa, siku hiyo huanza saa tisa alasiri, na hubaki hivyo hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba.