ISI: namba isiyoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa wa warfarini

Mgonjwa aliyewekewa valvu bandia ya chuma kwenye moyo, iwe ni katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au kwingineko, hutoka hospitalini na dawa atakayoimeza maisha yake yote. Dawa hiyo ni warfarini. Pamoja nayo hupewa kadi ya kliniki, na kila akienda kupima damu huandikiwa namba moja iitwayo INR. Kama valvu iko upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini cha moyo, madaktari kwa kawaida hutaka namba hiyo iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka mno, damu inaweza kuganda kwenye valvu na bonge likakimbilia ubongoni. Ikipanda mno, mgonjwa anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani.

Dozi yote inategemea namba hiyo. Lakini nyuma yake kuna namba nyingine ambayo mgonjwa haioni na hata baadhi ya madaktari hawaiulizi. Inaitwa ISI, yaani kielezo cha kimataifa cha usikivu.

Tuanze maabara. Warfarini haifanyi damu kuwa nyepesi kama wengi wanavyodhani. Inalizuia ini kuitumia vitamini K kukamilisha protini kadhaa za kugandisha damu, mojawapo ikiwa prothrombini. Mwaka 1935 Mmarekani Armand Quick alieleza namna ya kupima kazi ya protini hizo kwa saa. Damu huwekwa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha bluu, ambayo ina dawa ya sitrati: sehemu moja ya sitrati kwa sehemu tisa za damu. Sitrati hushika kalsiamu ili damu isigande njiani. Kisha damu huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi chembe zitengane na plazma, plazma hupashwa moto hadi nyuzi 37, halafu huongezewa kalsiamu na kitendanishi kiitwacho thromboplastini. Saa huanza kuhesabu. Plazma ya mtu mzima wa afya huganda kwa sekunde 11 hadi 13 hivi, na ya anayetumia warfarini huchelewa. Muda huo ndio PT. (Chupa isipojaa hadi mstari wake, sitrati huwa nyingi kuliko damu na muda hurefuka bure. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara anayekuomba utoe damu upya anakutendea haki.)

Tatizo lilikuwa kwenye thromboplastini yenyewe. Ilitengenezwa kwa ubongo wa sungura au wa binadamu, na siku hizi hata kwa teknolojia ya jeni, na kila aina ina usikivu wake. Kitendanishi sikivu hurefusha sana muda wa mgonjwa wa warfarini, na kisicho sikivu huurefusha kidogo tu. Kwa miaka mingi vitendanishi vingi vya Marekani havikuwa sikivu. Daktari alisoma matokeo, akaona damu bado inaganda upesi, akaongeza dozi. Mwaka 1982 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa wenye mabonge ya damu kwenye mishipa ya miguu. Waliopewa warfarini nyingi, kwa kufuata kipimo cha zamani, walivuja damu asilimia 22. Waliopewa kidogo zaidi walivuja asilimia 4, na mabonge hayakurudi zaidi kwao kuliko kwa wenzao.

Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha suluhisho. Thromboplastini moja ya rejea ilipewa ISI ya 1.0. Kitendanishi kipya kinapotengenezwa, hupimwa sambamba na kitendanishi cha rejea kwa damu ya watu 20 wenye afya na wagonjwa 60 waliozoea warfarini, kisha tofauti ya mwitikio wao hugeuzwa kuwa ISI yake. Kadiri kitendanishi kinavyopungua usikivu, ndivyo ISI inavyopanda. Maabara huiweka namba hiyo kwenye hesabu hii:

```
INR = (PT ya mgonjwa / PT ya kawaida)^ISI
```

PT ya kawaida ni wastani wa watu wenye afya uliopatikana kwa kitendanishi na mashine ileile. Na ISI hapo ni kipeo. Haijumlishwi wala haizidishwi, hivyo kosa dogo ndani yake hukua kadiri damu ya mgonjwa inavyochelewa kuganda.

Tuseme kuna mama mwenye valvu ya chuma anayemeza miligramu 5 kwa siku. Maabara inatumia kitendanishi chenye ISI ya 1.0, na PT ya kawaida ni sekunde 12. Damu yake inaganda kwa sekunde 36. Gawanya kwa 12 upate 3.0, na INR ni 3.0, mahali pake hasa. Sasa kitendanishi kimekwisha na kimekuja kingine chenye ISI ya 1.3. Kwa kuwa usikivu wake ni mdogo, damu ileile inaganda kwa sekunde 28. Gawanya kwa 12 upate 2.33, pandisha kwa kipeo cha 1.3, na INR inarudi kuwa 3.0. Mfumo umefanya kazi yake.

Lakini ikiwa hakuna aliyebadilisha ISI kwenye mashine, itabaki 1.0, na karatasi itatoka na INR ya 2.3. Daktari anaona iko chini, anapandisha dozi hadi miligramu 6. Wiki mbili baadaye sekunde ni 35 na karatasi inasema 2.9. Daktari anaridhika, mama anarudi nyumbani. INR yake ya kweli ni 4.0, na hakuna anayejua.

Kosa la namna hii limewahi kutokea. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya Filadelfia nchini Marekani, maabara ilitumia ISI isiyo sahihi kwa wiki kadhaa. Majibu ya mamia ya wagonjwa yalikosewa na kukawa na vifo vilivyohusishwa na kosa hilo.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kosa hili hujificha mahali watu wanapolitafuta kwanza. Ukipima mtu mwenye afya, sekunde 12 kwa 12 ni 1, na 1 ikipandishwa kwa kipeo chochote hubaki 1. Sampuli ya kawaida ya kukagua mashine hutoka safi, huku wagonjwa wa warfarini wakisomwa vibaya. Ndiyo sababu kila shehena mpya ya kitendanishi inapaswa kujaribiwa pamoja na ya zamani kwa damu ya wagonjwa wenye INR ya juu, ISI iliyoandikwa kwenye karatasi ya shehena ilinganishwe na iliyo kwenye mashine, PT ya kawaida itafutwe upya, na majibu machache yakokotolewe kwa mkono.

INR ina mipaka pia. Ilitengenezwa kwa watu waliokwishazoea warfarini. Katika siku za mwanzo hupanda mapema kwa sababu protini moja ya kugandisha, namba VII, hutoweka kwa saa chache, wakati prothrombini huchukua siku kadhaa. Hivyo INR nzuri ya siku ya tatu haimaanishi kwamba mgonjwa ameshakingwa. Kwa mwenye ugonjwa wa ini hesabu hii hupoteza maana yake ya kimataifa.

Kama unatumia warfarini, omba majibu yako yaandikwe kwa namba nne: PT yako, PT ya kawaida, ISI na INR. Simu yenye kikokotoo cha vipeo inatosha kuhakiki hesabu, na ukiona ISI imebadilika utajua kitendanishi kimebadilika. Ikiwa ISI ni ileile ya miezi iliyopita, muulize mtaalamu wa maabara kama shehena nayo ni ileile. INR ikiruka ghafla ilhali hujabadili dozi, chakula wala kuanza dawa nyingine, mwombe daktari kipimo kirudiwe kabla dozi haijaguswa, isipokuwa kama unavuja damu. Hapo nenda hospitali mara moja.