UFAHAMU: Kilichosemwa na kilichodokezwa si kitu kimoja

Swali la ufahamu linalowatatiza watahiniwa wengi ni lile ambalo jibu lake halikuandikwa waziwazi. Hebu tazama kifungu hiki nilichokitunga:

“Mama Zawadi aliusoma ujumbe simuni, akaketi kitako. Chai ikapoa mbele yake. Usiku huo chakula hakikupita kooni.”

Swali: Ujumbe huo ulimwathiri vipi Mama Zawadi?

Kilichosemwa ni kwamba alisoma, akaketi, chai ikapoa na hakula. Anayeyanakili hayo tu hajajibu. Ametaja dalili akauacha ugonjwa. Naye anayeandika “alifiwa” amevuka mpaka. Kifo hakimo. Huenda ni deni, huenda ni mwana aliyefukuzwa shule. Jibu faafu ni kuwa ujumbe ulimhuzunisha au ulimtia wasiwasi, kwani alishindwa kula na kunywa.

Je, tutalipimaje jibu? Mimi hutumia maswali mawili. Kwanza, ni maneno gani ya kifungu yaliyonifikisha hapa? Pili, nikilikanusha jibu langu, kifungu bado kitaeleweka? Ukisema “hakufiwa”, kifungu hakitikisiki; kwa hivyo kifo ni dhana yako wewe. Ukisema “hakusumbuka hata kidogo”, chai iliyopoa inakosa maelezo. Hapo ndipo penye dokezo.

Basi andika jibu kwa sehemu mbili: unachokisia, kisha “kwa sababu” na ushahidi kutoka kifunguni. Ukiikosa sehemu ya pili, umebahatisha tu.